Makosa Yanayofanana

Katika usahihishaji wa pamoja wa mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne, kila mwalimu hupewa swali lake, na skripti za shule nzima humpitia mkononi moja baada ya nyingine. Ndivyo nilivyokutana na skripti mbili za shule moja ya hapa Tunduma.

Swali lilitaka watafute x katika 2x² − 7x + 3 = 0 kwa kutumia fomula. Wote wawili walianza vizuri, kisha wakaandika kwamba 7² ni 47. Wakatoa 24, wakapata 33. Kipeuo cha pili cha 33 wakakifanya 6 kamili. Wakaishia na 13/4 na 1/4, badala ya 3 na 1/2.

Darasa zima likipata jibu sahihi, hakuna cha kushangaza. Hata kosa lililozoeleka, kama kuanza fomula na −7 mahali pa 7, utalikuta kwa wengi. Lakini makosa matatu ya ajabu yakifuatana kwa mpangilio uleule, si rahisi kuyaita bahati. Baraza la Mitihani la Tanzania limewahi kufuta matokeo ya watahiniwa kwa sababu ya majibu ya kukosa yanayofanana isivyo kawaida.

Hata hivyo, karatasi haisemi nani alimtazama nani, wala kama kuna aliyetazama. Vijana wetu huenda tuisheni pamoja na huazimana madaftari. Mfano ulionakiliwa vibaya unaweza kukaririwa na wawili. Nikazirudia skripti nyingine za shule ile. Kama kosa lingetoka ubaoni, 47 ingejitokeza kwa wengine pia. Sikuiona. Hilo lilipunguza uwezekano wa ubao, ila daftari la kuazimana lilibaki.

Nikawapa alama za hatua kwa mujibu wa mwongozo, bila kupunguza chochote kwa sababu ya shaka, na juu ya skripti sikuandika neno. Kwenye karatasi ya pembeni nikaandika namba za watahiniwa, namba ya swali, mistari mitatu kama ilivyo, na kwamba sikuiona kwingine katika shule hiyo. Sikuandika kuwa wameangaliziana. Nikamkabidhi kiongozi wa jopo, yeye peke yake.

Yeye anaweza kuomba nisivyokuwa navyo: mpangilio wa ukaaji, taarifa ya wasimamizi, na majibu yao katika maswali mengine. Kama walikaa mbali, shaka itapungua. Kama walikaa jirani na mfanano unaendelea swali kwa swali, itaongezeka. Hata hapo, mmoja wao huenda hakujua kabisa kwamba alitazamwa.

Ndiyo maana jambo hili halikustahili kuzungumzwa wakati wa chai. Walimu wa shule ile tulikuwa nao ukumbini, na mtoto asiye na kosa angeitwa mwizi wa mtihani kabla ya yeyote kumuuliza. Kunyamaza kungewaonea waliofanya kazi yao wenyewe. Kutamka hukumu kungemwonea huyu mmoja. Msahihishaji anadaiwa kuandika alichokiona chote, na kuishia hapo.