Ng'ombe Hawang'ai

Mwaka wa 1125 hivi, mtawa mmoja huko Ufaransa alikaa chini akaandika barua ndefu ya malalamiko. Jina lake Bernado, abate wa Clairvaux. Alilalamikia mambo mengi ya watawa wenzake, chakula chao na mavazi yao, lakini penye moto hasa ni pale anapofika kwenye dhahabu. Anasema kanisa limeyavisha mawe yake dhahabu na kuwaacha wanawe uchi. Anasema macho ya matajiri yanalishwa kwa fedha za maskini. Halafu anaongeza jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria harambee atalielewa haraka: dhahabu huonyeshwa ili izae dhahabu nyingine, kwa sababu mtu akiona kitu kinang'aa mkono wake humtoka mfukoni wenyewe.

Bernado hakuwa wa kwanza. Zaidi ya miaka 700 kabla yake, Jeromu, yule aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, alishawasuta watu waliotia ngozi rangi ya zambarau na kuyeyusha dhahabu ili waandikie herufi, huku Kristo akifa uchi mlangoni pao. Kwa hivyo swali ni la zamani, nami nalichukua kama lilivyo: je, ni haki kupaka kitabu dhahabu wakati kuna mtu ana njaa nje ya lango?

Jibu langu la haraka lilikuwa hapana. Nani angejibu vingine? Lakini baadaye nikaanza kusoma jinsi vitabu hivyo vilivyotengenezwa, hatua kwa hatua, na swali lenyewe likaanza kunihepa.

Tuanze na dhahabu, maana ndiyo inayoshtakiwa. Kuna fundi wa Italia, Cennino Cennini, aliyeandika kitabu cha ufundi wa uchoraji karibu mwaka wa 1400. Anaeleza kwamba wafua dhahabu walikuwa wakipata tando 145 kutoka kwa sarafu moja ya dukati, ingawa yeye angependa ziwe 100 tu ili utando usiwe mwembamba kupita kiasi. Dukati ilikuwa na uzito wa gramu tatu na nusu hivi. Gawanya mwenyewe. Utando mmoja mnene, kwa kipimo cha Cennini, una gramu 0.035 za dhahabu. Ukiuachilia hauanguki, unaelea. Ukiushika kwa vidole unaganda na kuchanika, ndiyo maana mafundi huubeba kwa brashi au kisu.

Kinachotudanganya ni kile kilicho chini yake. Ile herufi kubwa inayoonekana kama kipande cha dhahabu kilichobandikwa kwenye ukurasa, njia iliyoshamiri zaidi katika karne zilizofuata za 13 na 14, ndani yake ni lipu. Fundi alichanganya jasi iliyosagwa laini, unga mweupe wa risasi, gundi ya ngozi au ya samaki, na sukari kidogo au asali. Akaongeza udongo mwekundu ili dhahabu ipate joto la rangi. Akaupaka mchanganyiko huo kwa unyoya, tabaka juu ya tabaka, hadi herufi ikavimba. Ulipokauka aliukwangua ukawa laini, kisha akainama akaupulizia pumzi yake mwenyewe. Hapo ndipo ile sukari inapofanya kazi: unyevunyevu wa pumzi unaiamsha, lipu inanata kwa sekunde chache, na utando unalazwa upesi. Baadaye ukasuguliwa kwa jino la mbwa lililofungwa kwenye mpini mpaka ukang'aa kama kioo.

Siku ikiwa kavu sana, dhahabu inagoma kushika. Gundi ikizidi, lipu inapasuka kitabu kinapofunguliwa. Na dhahabu lazima itangulie rangi zote, kwa sababu huwa inanata popote penye gundi, na lile jino lingeharibu picha iliyokwisha kupakwa. Kwa hiyo ni kazi ya subira na ustadi mkubwa. Lakini madini yenyewe ni machache mno. Ukurasa unaowaka kama jua unaweza kuwa na dhahabu isiyotosha kutengeneza hata hereni moja ya mtoto.

Sasa geuza ukurasa huohuo, uupapase. Hiyo ni ngozi ya mnyama.

Ngozi ya kuandikia haitiwi dawa ya kuilainisha kama ya viatu. Ililowekwa kwanza kwenye maji safi, kisha kwenye maji ya chokaa kwa siku tatu hadi kumi, na wakati wa baridi zaidi ya hapo, huku ikikorogwa kwa mti mara kadhaa kwa siku. Ikitolewa mapema, manyoya hayang'oki. Ikichelewa, inadhoofika. Ikatandazwa juu ya gogo, ikaparuliwa manyoya upande mmoja na mabaki ya nyama upande wa pili, kisha ikarudishwa majini ili chokaa itoke. Halafu ikavutwa kwenye fremu ya mbao. Huwezi kutoboa matundu pembeni upitishe kamba, kwa sababu ngozi ikikauka hujikunja kwa nguvu na matundu yangechanika. Basi fundi alisukuma kijiwe kidogo kwenye ukingo wa ngozi, akakifunga kamba kama kifungo, na mwisho wa kamba akauzungusha kwenye kigingi. Akikwangua kwa kisu chenye umbo la mwezi mwandamo, anakaza vigingi. Anakwangua, anakaza. Ni huko kukauka ikiwa imevutwa kunakoifanya kuwa kitu cha kuandikia.

Kisu kikiteleza hapo, mkato mdogo kama ukucha unafunguka wenyewe kuwa tundu la mviringo. Mengine yanatokana na kupe na wadudu waliomuuma mnyama akiwa hai. Mwandishi hakutupa ngozi kwa sababu hiyo. Alizunguka tundu na maneno yake. Ukiona maneno yameliruka tundu, jua tundu lilitangulia. Ukiona tundu limemeza herufi, lilikuja baadaye. Kusema kweli hizo ndizo kurasa ninazozipenda zaidi katika picha zilizowekwa mtandaoni, kwa sababu mtu hawezi kusahau tena kwamba anasoma juu ya mgongo wa ndama.

Ndama wangapi? Chukua Biblia iliyotengenezwa katika monasteri ya Wearmouth na Jarrow, kaskazini mwa Uingereza. Abate Seolfridi aliagiza Biblia tatu kubwa, na mwaka wa 716 akaondoka na moja kumpelekea Papa. Alifia njiani, Ufaransa, lakini kitabu kilifika Italia na kipo Florensi mpaka leo. Kina karatasi za ngozi 1,030, na uzito wake ni kilo 34 hivi. Kurasa zake ni kubwa kiasi kwamba ngozi moja ilitoa karatasi mbili tu. Kwa hesabu hiyo, ngozi 515 kwa Biblia moja. Zote tatu, zaidi ya 1,500. Na picha zake ni chache, karibu kitabu chote ni maandishi matupu.

Ng'ombe hao hawakuchinjwa kwa ajili ya kitabu pekee, nyama ililiwa. Lakini zizi la kutoa ngozi nyingi hivyo linataka ardhi, majani ya kondoo na ng'ombe wakati wa baridi, na watu wa kuchunga ambao majina yao hatuyajui. Gharama ilikuwa hapo, na haing'ai.

Hili nalijua kwa njia nyingine pia. Nyanya aliuza ng'ombe watatu nisome chuo kikuu, na mwaka wa pili karo ikatushinda nikarudi nyumbani. Wajomba walipokuja, hakuna aliyetaja ng'ombe. Walichokiona ni simu. Simu ya shilingi elfu nane, niliyoinunua kwa hela za kuandikia watu tovuti, ndiyo iliyofanyiwa mkutano. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kugeuka karatasi, na karatasi haimkeri mtu.

Turudi kwa Bernado, maana watawa wenzake wa shirika la Sisto walimsikiliza. Katika karne hiyo ya 12 walijiwekea sheria kwamba herufi za vitabu vyao ziwe za rangi moja, zisiwe na picha. Kitabu maarufu cha utaratibu huo ni Biblia kubwa ya Clairvaux kwenyewe, ambayo sasa iko Troyes. Herufi zake kubwa ni za rangi moja moja, za buluu au kijani au nyekundu, zimetulia kama maji. Dhahabu haipo. Lakini ngozi ni bora kabisa, imekwanguliwa ikawa nyeupe na laini, na pambizo ni pana. Pambizo pana! Hebu fikiria maana yake. Ni ngozi ya mnyama iliyolowekwa, ikaparuliwa, ikavutwa, ikasuguliwa kwa jiwe, kisha ikaachwa tupu ili ukurasa upendeze kwa utulivu wake.

Kwa hivyo kama shtaka ni la gharama, sheria ile iliondoa kilichokuwa kidogo na kuacha kilichokuwa kikubwa. Mwenye njaa langoni hakupata hata mkate mmoja kutokana na rangi moja. Hapo namkatalia Bernado.

Lakini sidhani shtaka lake lote lilikuwa la bei. Aliwaruhusu maaskofu wapambe makanisa, kwa kuwa walihudumia watu wa kawaida wanaohitaji kuamshwa na vitu vya macho. Watawa ndio aliowakataza. Hofu yake ilikuwa kwamba mtawa angekaa siku nzima akisoma nakshi badala ya kusoma kitabu. Swali hilo ni la jicho: dhahabu inamwita nani, na inamtoa wapi? Hapo nakubali alikuwa na hoja, hata kama hesabu yake ilikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba tunayachanganya maswali hayo mawili. Tunakasirika kwa jicho, kisha tunadai tumekasirika kwa ajili ya maskini. Na tukishaondoa kinachong'aa tunajiona tumekuwa maskini pamoja nao.

Kuna kitabu kingine katika hadithi hii. Mwaka wa 1111, miaka michache kabla Bernado hajaingia utawani, monasteri ya Cîteaux yenyewe, chini ya abate Stefano Harding, ilikamilisha nakala ya ufafanuzi wa Gregori Mkuu juu ya kitabu cha Ayubu. Herufi zake zimejaa rangi na watu. Mtawa anavuna ngano. Wawili wanapasua gogo, joho la mmoja limeraruka. Mwingine anaukata mti kwenye shina wakati mwenzake bado yuko juu kwenye matawi, jambo ambalo lazima liliwachekesha chumba kizima cha wanakili.

Sheria ya rangi moja ilipokuja, kitabu hicho kilikuwa palepale rafuni. Kufuta picha kwenye ngozi si kazi ngumu, ni kisu na jiwe la kusugulia, na kila mnakili alikuwa na kisu mezani pake. Leo kitabu kiko katika maktaba ya Dijon, na yule mtawa mwenye joho lililoraruka bado ameinua shoka.