Kufuli Lililosahaulika Ndani ya Simu

Tangu mtandao wa X ulipofungwa Tanzania Mei 2025, VPN imeingia kwenye simu za watu wengi ambao hapo awali hawakuwa na habari nayo. Chukua mfano wa dada mmoja wa Morogoro anayeuza vitenge kwa WhatsApp. Mdogo wake alimwekea programu ya bure, kisha kwa nia njema akaingia kwenye mipangilio ya simu na kuwasha vitu viwili: "Always-on VPN" na "Block connections without VPN". Hakumweleza.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Asubuhi moja programu ikakwama kwenye "Connecting". Dada akasubiri, akachoka, akaizima. Hata hivyo intaneti yote ikabaki imekatika, WhatsApp, Google, hata programu ya benki. Akanunua bando jipya, wapi! Akaomba Wi-Fi ya jirani, yaleyale. Mchana akaenda kwa fundi, naye akafuta kila kitu na kuirudisha simu kama ilivyotoka dukani. Intaneti ikarudi. Picha za mzigo na oda za wateja hazikurudi, maana hakuwa na nakala zake popote.

Inauma, kwa sababu simu ile ilikuwa nzima. "Block connections without VPN" ni kufuli la makusudi: lengo lake ni kuzuia data ya programu isitoke nje ya VPN. VPN ikikatika, au ukiizima mwenyewe, kufuli hubaki limefungwa, kwa kuwa amri imewekwa kwenye Android yenyewe. Kwa hiyo seva ya bure ikizidiwa na watu, au kampuni ya simu ikiitambua VPN na kuizuia, programu inaendelea kujaribu na simu haina njia nyingine ya kutokea.

Kabla ya kumpa fundi simu, washa hotspot na uunganishe simu nyingine. Kwa kawaida data ya hotspot kwenye Android haipitii VPN ya simu inayoigawa. Simu ya pili ikipata intaneti kwa bando lako huku yako imekwama, bando halina kosa, wala mnara.

Sasa fungua Settings, kisha "Network & internet", kisha "VPN". Kwenye Samsung pita "Connections", halafu "More connection settings". Gusa alama ya gia kando ya jina la programu, uzime "Block connections without VPN", kisha "Always-on VPN". Baadhi ya programu zina kufuli lao la ndani liitwalo "Kill switch", liangalie nalo.

Lakini mwandishi wa habari anayemlinda mtoa taarifa wake asilizime. Yeye abadilishe seva au itifaki ndani ya programu huku kufuli limefungwa, kwani akilifungua, programu zote zilizokuwa zikisubiri zitaunganishwa papo hapo kwa anwani yake halisi.