Saa Sita Zilizopotea

Hakuna aliyekuibia saa sita, ndugu msomaji: unazikopesha asubuhi na kulipwa mchana.

Umetuandikia kwamba simu yako husema 7:00 wakati wewe unasema saa moja, na sasa unataka mwajiri akulipe tofauti hiyo kwa miaka 11 uliyomtumikia. Tumelipima suala hili kwa uzito unaostahili. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, na huku karibu na ikweta huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Simu inahesabu tangu usiku wa manane. Kwa hiyo kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita mchana simu inakuzidi sita, lakini ikionyesha 1:00 wewe unasema saa saba, na hadi magharibi ni wewe unayeizidi kwa sita zile zile. Deni limefutika kabla hujafika nyumbani. (Mwajiri naye angeweza kukudai za mchana, ila sisi hatutamkumbusha.)

Onyo letu ni moja: usithubutu kuiweka simu kwenye mfumo wa saa 24. Huko mchana hakuna marejesho, na ikifika 19:00, yaani saa moja usiku, hasara inaruka kutoka sita hadi kumi na nane. Kama umeshaiweka, lala mapema; usiku wa manane simu itaandika 00:00, wewe utakuwa na saa sita, na malipo yataanza ukiwa usingizini.