Nani Amezuia Mvua?

Bibi yangu ana shamba la mtama na karanga katika kijiji kimoja cha Wabari, mashariki ya Juba, ng'ambo ya mto. Mwaka jana alipanda mara mbili. Mvua mbili nzuri zilinyesha mwanzoni mwa Aprili, akatia mbegu ardhini kama anavyofanya kila mwaka, kisha mbingu zikafungwa kwa siku kumi na tisa. Mtama ulikuwa umechipua kiasi cha kidole. Ukageuka manjano, ukalala. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kijiji cha pili, ambacho unakiona ukisimama mlangoni kwake, kilipata mvua katikati ya siku hizo.

Nilipomtembelea aliniambia, "Mtu amezuia mvua." Mimi, niliyesomea Kakuma na sasa nasoma Juba, nikamweleza habari za mabadiliko ya tabianchi: moshi wa viwanda na magari, hewa inayotunza joto, misimu inayoyumba. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza, "Kwa hiyo ni mtu gani?"

Swali hilo ndilo ninalojaribu kulijibu hapa. Nilidhani bibi hakunielewa. Siku hizi nadhani alinielewa vizuri, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijaelewa swali.

Kwa Wabari wa zamani mvua ilikuwa na mwenyewe. Aliitwa matat lo piong, yaani mkuu wa maji, na cheo chake kilirithiwa katika ukoo. Watu wa mijini siku hizi humwita kujur, neno la Kiarabu cha Juba linalochanganya waganga wa kila aina, na kwa kumchanganya hivyo tunapoteza maana. Mkuu wa mvua hakuwa mganga wa pembeni, bali kiongozi mwenye mifugo, wake na heshima. Kazi yake ilifanywa kwa vitu vichache. Palikuwa na mawe ya mvua, mengine meupe yanayong'aa kama kioo, ambayo aliyaosha kwa maji na kuyapaka mafuta. Palikuwa pia na fimbo aliyoitumia kuyaita mawingu. Watu walimpa mbuzi na pombe ya mtama, na mavuno yalipokuwa mazuri sifa zilikuwa zake.

Tukiishia hapo, tutasema kama vitabu vingi vinavyosema: watu hawakujua sayansi, wakatumia mawe. Lakini mambo yanayonishughulisha hutokea mawe yanaposhindwa. Simon Simonse, mwanaanthropolojia Mholanzi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Juba miaka ya 1980, aliandika kitabu kikubwa juu ya wakuu wa mvua wa upande wetu huu wa mto: Wabari, Walokoya, Walulubo, Wapari na Walotuho. Anaonyesha kwamba ukame ulianzisha mashindano marefu kati ya mkuu na watu wake. Kwanza watu walileta zawadi na maombi. Mvua isiponyesha, mkuu naye aliwarudishia lawama: mmeuana na hamjapatana, mmeninyima haki yangu, mna ugomvi mnaouficha. Basi watu walikaa, wakatafuta ugomvi huo, wakaumaliza, wakalipa. Mvua ikinyesha hapo, kila upande ulikuwa umepata kitu. Isiponyesha, sauti zilipanda. Maombi yaligeuka vitisho, na mwisho wa ngazi hiyo ulikuwa kifo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Nyigilo, mkuu wa mvua wa Bilinyan, si mbali na hapa Juba. Alikuwa mtu mkubwa katika miaka ambayo wafanyabiashara wa pembe za ndovu na wamisionari wa Kikatoliki walikuwa wakifika Gondokoro kwa mashua kutoka Khartoum, na alijua kufaidika na urafiki wao. Mwaka 1859, baada ya ukame na njaa, watu wake mwenyewe walimuua. Adhabu iliyozoeleka kwa mkuu wa mvua aliyeshindwa ilikuwa kupasuliwa tumbo, kwa imani kwamba mvua alikuwa ameifungia humo. Wala tusijidanganye kwamba hayo ni ya karne ya kumi na tisa tu. Simonse alikusanya visa vya wakati wake mwenyewe, na habari za aina hiyo zimeendelea kusikika kutoka Ikwatoria Mashariki.

Nimesoma kisa cha Nyigilo mara nyingi na kila mara najikuta katika hali mbili. Mtu aliuawa kwa kosa ambalo hakulitenda. Hilo ni dhuluma, na sitaki mila iwe shuka la kuifunikia. Hata hivyo naona pia kwamba Wabari wa mwaka 1859 walikuwa na kitu ambacho bibi yangu hana. Walikuwa na mtu wa kumwendea. Aliyekula mbuzi zao wakati wa mvua alipaswa kujibu wakati wa ukame, wala hakuweza kusema kwamba mambo haya ni magumu na yanahusu mifumo.

Mwanafunzi yeyote wa falsafa ya Kiafrika atakumbuka hapa ghala la Wazande. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937, anaeleza kwamba Mzande anajua vizuri kuwa mchwa ndio waliokula nguzo za ghala lililoanguka. Anajua pia kwamba watu waliokuwa wamekaa chini yake walikuwa wanatafuta kivuli. Anachouliza ni kwa nini ghala lianguke saa ileile walipokuwa chini yake watu walewale. Kwa swali hilo Mzande alikuwa na jibu, uchawi, ilhali sisi tunasema ni bahati mbaya na tunaendelea na safari.

Bibi naye hakuuliza mvua hutengenezwaje. Aliuliza kwa nini kijiji cha pili kilipata. Tukisema kweli, mvua zetu za mwanzo wa msimu ndizo zinazolea shaka hiyo. Katika Aprili na Mei mvua nyingi ni za ngurumo. Jua linapasha ardhi asubuhi, hewa yenye unyevu inapanda, na alasiri wingu moja linamwaga maji juu ya kilomita chache tu. Shamba hili linalowa na la jirani linabaki vumbi. Mtaalamu wa hali ya hewa anaweza kusema kama msimu utakuwa juu au chini ya wastani. Hawezi kumwambia bibi mapema kwamba wingu la Jumanne litapita upande wa kushoto wa kijito.

Hapo ndipo maelezo ya tabianchi yanapofanya kazi mbili kwa pamoja. Yanamwachia huru mkuu wa mvua: si yeye, mwacheni. Kwa hilo nayashukuru. Lakini yanawaachia huru watu wote wengine pia, kwa sababu yanazungumza lugha ya wastani na uwezekano. Februari 2025 joto la Juba lilizidi hadi wanafunzi wakazimia madarasani na serikali ikafunga shule. Baadaye kundi la kimataifa la wanasayansi lilikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa joto kali kama lile angalau mara 10. Hilo ni jibu kubwa, na miaka thelathini iliyopita hakuna aliyeweza kulitoa. Ila lipeleke ng'ambo ya mto uone. "Mara kumi" haina jina wala boma ambalo unaweza kwenda kusimama mlangoni pake. Nchi zilizochoma makaa ya mawe na mafuta kwa karne mbili zipo, zinajulikana, na hesabu zao zimeandikwa. Lakini hazijawahi kukaa chini ya mti wetu na kuulizwa.

Nilipofika hapa katika mawazo yangu nilifurahi kidogo, kwa sababu lawama ilikuwa imehamia mbali nasi. Kisha nikakumbuka kwamba katika desturi ya zamani lawama ilikwenda pande zote mbili, na mkuu wa mvua alikuwa na haki ya kuuliza, "Na ninyi?" Sisi ni nchi ya mafuta. Karibu mapato yote ya serikali yetu hutokana na mafuta ghafi yanayopita kwenye mabomba hadi Port Sudan na kuuzwa kwa watu wa kuyachoma. Mchango wetu katika joto la dunia ni mdogo mno, hilo ni kweli. Lakini mishahara ya ofisi za Juba imetoka humo, na bibi hajaona hata bomba la maji. Nyumbani kwetu mjini tunapikia mkaa, kama karibu kila nyumba ya Juba, na miti iliyochomwa kwa ajili hiyo ilikuwa upande wa bibi. Sisemi kwamba kukata miti hiyo ndiko kulikoondoa mvua yake, maana sayansi hainiruhusu kusema hivyo kwa urahisi. Kulikomwondolea ni kivuli, kuni za karibu na udongo unaoshika maji kwa siku chache zaidi kati ya mvua na mvua. Kwa mche wa mtama wenye siku kumi, siku hizo chache ndizo kila kitu.

Wazee wa kijiji walikutana siku ya kumi na sita ya ukame ule. Mimi sikuwapo, bibi alinisimulia. Mzee wa ukoo wa mvua alikuja. Yeye ni mtu wa makamo, anasali kanisani na ana redio, na alisema wazi kwamba hana uwezo wa kuita wingu. Hakuna aliyemtishia. Walichinja mbuzi hata hivyo. Kisha mzee akauliza swali ambalo baba yake na babu yake waliuliza: kuna ugomvi gani kati yenu? Ukatokea. Familia mbili zilikuwa hazisemezani kwa ajili ya ng'ombe walioingia shambani wakati wa kiangazi. Ukatokea mwingine juu ya mjane aliyenyang'anywa sehemu ya shamba la marehemu mumewe. Yalizungumzwa mpaka jioni. Mwishoni walihesabu ni nani amebakiwa na mbegu na nani hana, na waliobakiwa wakapimia wengine kwa kibuyu.

Mwenzangu mmoja darasani alisema kwamba hiyo si ibada ya mvua tena bali ni kikao cha kijiji kilichovaa nguo za zamani. Nimelifikiria neno lake na silikubali. Kuuliza juu ya ugomvi kulikuwa ndani ya ibada tangu mwanzo. Kilichoondoka ni ahadi kwamba mvua itafuata, na pamoja nayo hatari kwa shingo ya mzee. Sitaki hatari hiyo irudi. Bado nashindwa kusema ni nini kitakachowalazimisha wakubwa kuja kwenye kikao, ikiwa yule anayehojiwa ni mzee wa kijijini peke yake, naye ameshasema hana uwezo.

Mvua ilinyesha siku tatu baada ya kikao. Bibi hakusema kwamba mbuzi ndiye aliyeileta, wala hakusema kwamba siye. Alipanda tena, nusu ya shamba tu, kwa mbegu za kupewa. Nilipokwenda mwezi wa Agosti alikuwa amekausha karanga za kwanza juu ya mkeka, na kabla hatujala alitenga mafungu mawili: moja la familia iliyompa mbegu, na moja la nyumba ya mzee wa mvua. Nikamuuliza kwa nini yule wa pili, ikiwa mwenyewe alikiri kwamba hana uwezo.

"Alikuja alipoitwa," akasema. "Hao wako wa moshi, umeshawaita?"