Miezi Kumi na Saba

Mzazi akienda shuleni kuomba tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake ibadilishwe, anaomba nini hasa? Anaweza kuwa anaomba ukweli uandikwe. Anaweza pia kuwa anaomba uongo upigwe muhuri. Ukiwa umeketi upande wa mwalimu mkuu, maombi hayo mawili yanafanana kabisa: mzazi, cheti cha kuzaliwa mkononi, na sauti ya upole. Swali langu ni hili: mwalimu mwenye haki anayatofautishaje?

Nitatumia kesi ninayoijua. Shangazi yangu anaishi Njoro, si mbali na Egerton. Binti yake alizaliwa 14 Juni 2006, wakati huo wakikaa upande wa Molo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mambo yakaharibika, wakakimbia, wakalala Nakuru Showground pamoja na maelfu ya wengine. Baadaye wakapanga nyumba Njoro na maisha yakaanza upya.

Januari 2013 mtoto akapelekwa darasa la kwanza. Aliyempeleka ni jirani, kwa sababu shangazi alikuwa kwa kibarua cha shamba. Mwalimu akauliza, "Huyu ako na miaka ngapi?" Jirani akajibu, "Anaenda nane." Msichana alikuwa mrefu, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa. Mwalimu akatoa nane kwa 2013, akapata 2005, na kwa kuwa rejista inataka siku na mwezi pia, akaandika 1 Januari 2005. Ukizunguka Kenya utakutana na watu wengi sana waliozaliwa tarehe moja Januari. Si ajabu ya Mungu, ni kalamu ya mtu aliyetaka kujaza nafasi.

Ile tarehe ikaanza kusafiri. Kutoka rejista ikaingia kwa livingi ya msingi, na sekondari ikanakili kutoka hapo bila kuuliza. Shangazi alishughulikia cheti cha kuzaliwa 2019, akitumia kadi ya kliniki, nacho kikatoka na tarehe sahihi. Lakini hakuna aliyerudi kurekebisha rejista. Msichana akafanya KCSE 2024, akapewa livingi, akaenda kuomba kitambulisho. Karatasi moja inasema 2005, nyingine 2006. Akaambiwa arudi karatasi zikikubaliana.

Majirani walikuwa na ushauri wa haraka: "Si uchukue tu ile ya 2005? Ni mwaka mmoja na kitu." Hapa ndipo falsafa inapoanza, maana swali lao si la kijinga. Kama kila karatasi ingesema 2005, nani angeumia?

Hesabu mwenyewe. Kutoka 1 Januari 2005 hadi 14 Juni 2006 ni miezi kumi na saba na siku kadhaa. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtu hadi afike miaka 18, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inakataza kumwoza kabla ya hapo. Kwa rejista ya shule, huyu msichana alikuwa mtu mzima Januari 2023, akiingia kidato cha tatu. Kwa ukweli alikuwa na miaka 16 na nusu. Kama mtu angemdhuru miezi hiyo, au yeye mwenyewe angepelekwa kortini kwa kosa lolote, karatasi ya shule ingesimama dhidi yake. Tarehe mbaya haikumwongezea umri, ilimpunguzia utoto. Na siku akiajiriwa, atastaafu mapema kwa miezi hiyo hiyo.

Kwa hivyo ukweli una maana. Lakini mwalimu mkuu naye alikataa mara ya kwanza, na sidhani alikuwa mtu mbaya. Alimwambia shangazi, "Mama, rejista ni rejista. Nikibadilisha ya huyu, kesho nitabadilisha ya nani?" Anawajua hao wa kesho. Kuna mzazi anayetaka kijana apunguzwe miaka mitatu ili acheze mpira na watoto wadogo. Kuna aliyepitisha umri wa kuandikishwa jeshini. Huyo naye atakuja na cheti cha kuzaliwa halali, chenye muhuri.

Ndiyo, halali. Kwa sheria yetu, kuzaliwa kukipita miezi sita bila kuandikishwa, inahitajika ruhusa ya msajili mkuu, na mwombaji huleta ushahidi. Ushahidi huo unaweza kuwa kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, au hata livingi. Unaona mzunguko? Shule inaamini cheti, na cheti kimeamini shule. Karatasi mbili zinazokubaliana zinaweza kuwa uongo mmoja ulionakiliwa mara mbili. Hata hati ya kiapo haisaidii sana, inathibitisha tu kwamba mtu aliapa.

Kipimo changu ni kuuliza: ushahidi huu uliandikwa lini, na aliyeuandika alikuwa na faida gani? Shangazi alikimbia 2008 akiwa na kadi ya kliniki ndani ya leso. Inaonyesha chanjo za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne: 28 Julai, 25 Agosti na 22 Septemba 2006. Halafu ya surua, Machi 2007, mtoto akiwa na miezi tisa. Hesabu kutoka 14 Juni: kila moja inaangukia mahali pake, ikichelewa siku mbili tu, maana zote tatu ni Ijumaa. Wino tofauti, mwandiko tofauti. Hakuna nesi wa 2006 aliyejua kwamba 2025 kutakuwa na fomu ya kitambulisho. Kadi iliandikwa kabla ya haja ya kudanganya, na hiyo ndiyo nguvu yake. Cheti cha yule kijana wa mpira kilitafutwa baada ya haja kuzaliwa.

Mwalimu alipoketi na kadi na kalenda, alikubali. Namna alivyofanya ni muhimu kuliko kukubali kwenyewe. Hakuchana ukurasa wala kupaka rangi nyeupe. Alipiga mstari mmoja juu ya tarehe ya zamani, ikabaki inasomeka, akaandika mpya kando, sahihi, siku, na sababu. Livingi ya kwanza ikarudishwa na kufutwa, nyingine ikatolewa. Ukifungua rejista leo utaona kosa na marekebisho pamoja. Anayerekebisha huacha alama. Anayeghushi huomba alama ifutwe, na ukimwambia mzazi kwamba ile ya zamani itabaki ikionekana, wengine huaga hapo hapo.

Kipimo hiki kina mwisho wake. Wako waliokimbia bila kadi, wengine kadi ziliungua na nyumba. Daktari anaweza kuangalia meno na mifupa, lakini mifupa hutoa makadirio ya miaka, haitoi tarehe. Kwa hao tutabaki na 1 Januari, na sioni dhambi kwa mwalimu kukisia. Dhambi, kama ipo, ni kuandika makisio kwa wino ule ule wa ukweli. Neno moja tu, "kadirio", pembeni ya ile tarehe, lingemwambia kila aliyenakili baadaye kwamba hapa hatuna hakika, uliza mama.