Nasaha kwa mwanafunzi wa Kalundu anayeomba aongezewe muda

Huku kwetu Uvira barua za chuo huandikwa kwa Kifaransa, na mwanafunzi anayejua kumwandikia profesa wa Bukavu kwa Kifaransa safi huweza kujikwaa vibaya siku anapolazimika kuandika kwa Kiswahili. Siku hiyo huja kwa wale wanaosoma kwenye vyuo vya ng'ambo ya ziwa, nchini Tanzania, wakiwa wamekaa nyumbani kwao Kalundu na simu mkononi. Wanadhani Kiswahili ni lugha yao ya tangu utotoni, basi hakihitaji kuangaliwa mara mbili.

Tuchukue barua pepe moja fupi ya namna hiyo. Nimeondoa jina la chuo na la somo. Jina la mwandishi sikulazimika kuliondoa, kwa sababu hakuliandika. Mstari wa mada aliuacha mtupu.

«Bonsua Prof. Juu maji iliingia ku nyumba na daftari yangu yote iliharibika, sikumaliza kazi yako. Tafadhali muniongezee siku kidogo. Kama ungeniongezea nitashukuru sana. Nangojea jibu lako haraka. Asante mapema.»

Mwandishi hakukusudia utovu wa adabu hata chembe. Ukimsikia akiyasema haya bandarini, hutaona kasoro, maana ndivyo tunavyosema. Lakini mhadhiri aliyeko Dar es Salaam hamwoni uso wala hasikii sauti. Anayo maandishi tu, nayo yanamwambia mambo ambayo mwandishi hakuyakusudia.

Anza na neno lililo zito kuliko yote: «sikumaliza». Kwa mhadhiri, sikumaliza ni habari ya jambo lililokwisha: muda ulipita, kazi haikuisha, basi. Aliyetaka kusema kwamba bado anaandika alipaswa kusema «sijamaliza». Silabi moja imegeuza ombi kuwa taarifa ya kushindwa, na mhadhiri mwenye haraka anaweza kuifunga barua hapo hapo na kuandika sifuri. Ukiomba muda, vitenzi vyako vyote vionyeshe kazi inayoendelea: sijamaliza, nimeshaandika, nimebakiza.

«Kazi yako» nayo irekebishwe. Ni kazi ya mwanafunzi. Mhadhiri aliitoa tu. Ukimwambia sikumaliza kazi yako, unasikika kama kibarua anayemlaumu tajiri. Sema «insha ya pili», au «kazi uliyotupa tarehe fulani», uitaje kwa jina lake, kwa sababu mtu huyo ana madarasa mengine na kazi nyingine.

«Muniongezee» ni heshima ya kwetu. Mkubwa tunamsemesha kwa wingi, na aliyelelewa Uvira akimwambia mwalimu «uko aje?» badala ya «muko aje?» huona haya. Ng'ambo ya ziwa wingi huo hausomwi hivyo. Mhadhiri atajiuliza: nimuongezee na nani? Katika barua ya kwenda Tanzania, mtu mmoja abaki mmoja, na heshima iingie kwa njia nyingine: «Naomba uniongezee», au bora zaidi «Naomba niongezewe muda», ambapo anayeongeza hatajwi kabisa na hakuna anayenyooshewa kidole. Anayemwandikia mwalimu wa hapa hapa Uvira abaki na wingi wake, asiuone kuwa kosa.

Wengi hudhani neno «tafadhali» husafisha kila kitu. Halisafishi amri. «Tafadhali niongezee» bado ni amri iliyovaa kanzu. «Naomba» peke yake inatosha, na haihitaji kupambwa kwa «ningependa kuchukua nafasi hii kuomba».

Kisha kuna sentensi yenye miguu miwili isiyolingana: «Kama ungeniongezea nitashukuru.» Ukianza na -nge-, umalizie na -nge-: ungeniongezea siku mbili, ningeshukuru. Ukitaka -ta- upande wa pili, upande wa kwanza uwe na -ki-: ukiniongezea, nitashukuru. Mimi ningeifuta sentensi nzima. Shukrani za masharti humkalia mtu vibaya, na «asante mapema» humkalia vibaya zaidi, kwa kuwa humshukuru kwa jambo ambalo bado ana haki ya kulikataa. «Nangojea jibu lako haraka» inamwekea yeye mwisho wa muda, na wewe ndiye uliyeshindwa na wako.

Yaliyobaki ni ya upatanisho, na hapo sitakaa sana. Maji yaliingia, si iliingia. Madaftari yangu yaliharibika. Likiwa moja, daftari langu liliharibika. Siku ni chache, si kidogo. «Ku nyumba» iwe nyumbani, na «juu» iwe kwa sababu. Hayo ni mazoea ya Kiswahili cha Kivu na hayamvunjii mtu heshima, ila mhadhiri wa lugha atayawekea wino mwekundu kabla hajafika kwenye ombi lenyewe.

Salamu ina mtego wake. Katika vyuo vyetu vya Kongo ngazi hutajwa: asistanti, CT, profesa, na anayemwita CT asistanti hujitafutia balaa. Tanzania utakuta Dokta na Profesa, lakini neno «Mwalimu» linafaa kwa wote na halimshushi yeyote. Nchi hiyo ilimwita hivyo hata Rais wake wa kwanza, Julius Nyerere. «Shikamoo», ambayo Kalundu huisikii sana, ni salamu nzuri kwa mtu aliyekuzidi umri waziwazi. Kama hujui umri wake, «Habari za kazi, Mwalimu» haina hatari. «Bonsua» iache, hasa kwa kuwa barua ya jioni huenda ikasomwa asubuhi.

Sasa saa, ambayo huharibu maombi mengi kuliko sarufi. Uvira iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. (Kinshasa iko nyuma kwa mbili, ingawa ni nchi yetu hiyo hiyo.) Kazi ikifungwa Ijumaa saa 6:00 usiku kwa saa za Dar es Salaam, Kalundu inakuwa saa 5:00 usiku. Mwandishi wetu alituma saa 5:30 akiamini amebakiza nusu saa, kumbe upande wa pili alikuwa amechelewa nusu saa. Ombi la muda likifika baada ya muda kwisha huwa ni ombi la msamaha, na hilo huandikwa vingine. Tuma siku mbili kabla, wala usingojee umeme urudi. Nunua mega chache, andika kwenye simu, peleka.

Hata saa unayoomba ichague kwa makini. «Jumanne saa sita usiku» ni usiku upi? Kwa wazee wa Kiswahili siku huanza jua linapozama, hivyo usiku wa Jumanne ni ule wa kuamkia Jumanne. Kwa mfumo wa chuo huenda ni ule unaofuata mchana wake. Omba «Jumanne saa 12:00 jioni, saa za Tanzania», na hapo hakuna mabishano.

Nije kwenye sababu. Maji ni kweli. Ziwa limepanda sana tangu 2020, na nyumba za ufukweni, na bandari yenyewe ya Kalundu, zimeshaguswa na maji. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika na kuua watu mjini Uvira, hakuna aliyehitaji kumweleza mwalimu kwa nini hajaleta kazi. Maji ya siku hizi yanapanda polepole na yamekuwa mazoea, ndiyo maana yanahitaji tarehe: yaliingia lini, yakaharibu nini kinachohusu kazi hii. Sentensi moja yatosha. Picha tano za sebule iliyojaa maji hazisaidii, na kumtaja bibi anayeumwa ambaye hahusiki na insha kunamfanya msomaji aanze kuhesabu bibi zako. Uongo katika mahali hapa hudumu. Muhula ujao utakapopata tatizo la kweli hutasadikiwa. Picha moja iweke tayari, uitoe ukiulizwa.

Jambo ambalo barua ile haina kabisa ni lile linalomrahisishia mhadhiri uamuzi: kilichokwisha andikwa, na siku unayoomba. «Siku chache» humlazimisha yeye afikirie na kupendekeza, kumbe mwenye shida ni wewe. Yeye ana tarehe ya kupeleka alama. Akiona Jumanne, anajua mara moja kama inamfaa. Nami nasema usiombe wiki ikiwa siku nne zinatosha, na usiombe siku mbili ukijua utarudi kuomba nyingine mbili. Hakuna kinachoudhi kama ombi la pili.

Ikisafishwa, barua inakuwa hivi:

Mada: Ombi la kuongezewa muda, insha ya pili, (jina na namba ya usajili)

«Habari za kazi, Mwalimu.

Naomba niongezewe muda wa kuwasilisha insha ya pili, kutoka Ijumaa tarehe 24 Aprili hadi Jumanne tarehe 28 Aprili, saa 12:00 jioni, saa za Tanzania.

Jumapili iliyopita maji ya ziwa yaliingia nyumbani kwetu Kalundu, na daftari lenye mifano niliyokusanya likaharibika. Utangulizi na sehemu ya kwanza nimeshaandika, nimeviambatanisha hapa. Nimebakiza uchambuzi wa mifano, ambayo naikusanya upya.

Ikiwa haiwezekani, nitawasilisha Ijumaa nilichonacho.

Wako katika masomo,
(jina kamili)»

Sentensi ya mwisho kabla ya saini wengine watasema inajidhulumu. Mimi naona ndiyo yenye adabu kuliko zote, kwa sababu inamwachia mlango wa kukataa bila kuonekana mkatili. Mhadhiri aliyeachiwa mlango huo mara nyingi hana haja ya kuutumia.

Barua hii ni ya mtu mmoja. Maji yakiwa yamewapata wanafunzi wengi wa hapa, msimwandikie kila mtu kivyake. Aandike mmoja kwa niaba ya wote, kama CP anavyofanya kwenye promosheni zetu, na majina yaorodheshwe chini. Barua kumi zenye sababu ile ile na maneno yale yale hunuka njama hata zikiwa za kweli. Wala usimfuate mhadhiri kwa sauti ya wasap usiku, isipokuwa yeye mwenyewe ndiye aliyetoa namba hiyo kwa ajili ya kazi.

Akikubali, jibu siku hiyo hiyo kwa mstari mmoja: «Nashukuru, Mwalimu. Nitawasilisha Jumanne.» Akikataa, mstari ni ule ule, ila Jumanne inakuwa Ijumaa. Asipojibu kabisa, kimya chake usikihesabu kuwa ruhusa: Ijumaa, kabla ya saa 5:00 usiku ya Kalundu, tuma ulichonacho kwa kujibu barua ile ile ya ombi, ili vyote viwili avikute pamoja.