Usikubali Kung'olewa Meno Tisa Mazima

Mpwa wangu, mama yako ameniambia kuwa tangu ile ajali ya bodaboda umeshauriwa na watu watatu na kila mmoja ana lake. Mmoja anakutaka ung'oe meno yote ya juu yaliyobaki uvae seti nzima, usisumbuke tena. Wa pili anasema uwekewe daraja. Wa tatu anasema meno ya kuvaa na kuvua ni ya wazee. Mimi nimezeekea maabara nikichonga meno ya bandia, kwa hiyo nisikilize na mimi mjomba wako.

Taya la juu la mtu mzima lina meno 16. Wewe umepoteza manne ya mbele, na magego matatu ya nyuma upande wa kushoto yalikwisha kung'olewa kwa kuoza. Yamebaki tisa, tena mazima. Anayekwambia uyang'oe hajui anachokunyang'anya. Seti kamili ya juu haishikwi na kitu ila mate na mvutano kati ya bandia na kaakaa. Nguvu ya kutafuna hushuka sana, wengi hubaki na robo tu au chini ya hapo. Isitoshe, mfupa usio na mzizi ndani yake huyeyuka mwaka hadi mwaka, na bandia iliyokaa vizuri leo huanza kucheza, irudishwe maabara ikaongezwe kitako. Mzee asiye na jino hata moja hana njia nyingine rahisi, nayo seti kamili humsaidia sana. Kijana mwenye meno tisa anayo.

Sasa hilo daraja, ambalo najua ndilo unalolipenda kwa sababu halivuliwi. Daraja husimama juu ya meno ya pembeni. Daktari huyapunguza pande zote, kiasi cha milimita moja na nusu hadi mbili, kisha huyavika kofia zilizoungana na meno ya bandia katikati na kuyagundisha kwa saruji ya meno. Kilichosagwa hakirudi. Kwako nguzo zingekuwa chonge zako mbili, na chonge ndilo jino lenye mzizi mrefu kuliko yote, hapo una bahati. Lakini taya limepinda: meno manne ya mbele hukaa nje ya mstari unaounganisha chonge na chonge. Kila ukiuma embe, nguvu hutua mbele na kuzibenua chonge, kama mtu aliyesimama kwenye ncha ya ubao. Ndiyo maana mara nyingi daktari huongeza na magego madogo ya jirani yawe nguzo pia. Hapo utakuwa umesagiwa meno manne mazima ili upate manne ya bandia.

Na huko nyuma kushoto? Daraja linataka nguzo huku na huku, na nyuma ya pengo lako hakuna jino lolote. Kwa hiyo hata ukilipia daraja la mbele, upande wa kushoto utabaki mtupu.

Meno ya bandia ya sehemu huziba mapengo yote mawili kwa kifaa kimoja, bila kusaga nguzo. Ila usichukue yoyote tu. Ya plastiki tupu hukaa juu ya ufizi peke yake. Ukitafuna huzama, na polepole huusukuma ufizi utoke kwenye shingo za meno yako. Nimeyaona mengi yaliyorudishwa maabara pamoja na meno yaliyokwisha kulegea. Omba yenye fremu ya chuma cha kobalti na kromu. Fremu hiyo ina vishikizo vinavyokumbata meno, na vijiguu vidogo vinavyolala juu ya magego katika vishimo ambavyo daktari hukwaruza kidogo tu, ili mzigo ubebwe na meno badala ya ufizi. Nyuma kushoto bado itategemea ufizi, kwa hiyo patazame kila mwaka: ukibonyeza pale nyuma kwa kidole na mbele pakainuka, mfupa umeshuka, kitako kiongezwe.

Usiku vua, piga mswaki kwa sabuni, uyaweke kwenye maji ya kawaida. Maji ya moto hupinda plastiki. Anayelala nayo kila siku, kaakaa huwa jekundu kwa fangasi.

Jeraha likiwa bado bichi, vaa ya plastiki ya muda kwa miezi mitatu hivi, kwa maana ufizi hushuka sana katika kipindi hicho, na kipimo kikichukuliwa mapema kitakuwa na mwanya baadaye. Ukifika kliniki, kabla ya jino kuguswa, omba picha ya eksirei ya chonge zako, na umwulize daktari akuonyeshe kwa kidole nguzo ya nyuma ya daraja lake iko wapi.